Nimelipia websaiti ya duka, mbona Google hainioni?

Wasomaji wenye maduka wanaleta swali moja kwa maneno tofauti: websaiti ipo, fundi amelipwa, picha zinapendeza, lakini ukiandika Google kile unachouza wanatokea watu wengine. Wengi wameshaambiwa tatizo ni fedha, kwamba walipie matangazo. Matangazo yana kazi yake, ila makala haya yanahusu matokeo ambayo Google haiyatozi pesa, na kwa duka dogo kazi kubwa humo inaweza kufanywa na mwenye duka mwenyewe.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue duka la vyerehani Kariakoo. Linauza Butterfly na Singer kwa mafundi wa mtaani, Juki kwa wenye viwanda vidogo, linauza spea, na lina fundi wa matengenezo. Websaiti yake ina kurasa nne: Home, About Us, Products na Contact. Ukurasa wa Products una picha zote kwa pamoja, na bei zimo kwenye bango lililotengenezwa kwa ajili ya Instagram. Kama websaiti yako imekaa hivyo, basi endelea kusoma.

## Kwanza hakikisha Google inaijua

Kabla ya kugusa chochote, andika hivi kwenye Google, ukiweka anwani ya websaiti yako na bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili:

```
site:jinalako.co.tz
```

Zikitokea kurasa zako, Google inazijua na tatizo liko mbele zaidi. Isipotokea hata moja, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi:

- Websaiti ni mpya na hakuna mahali popote panapoelekeza kwake. Weka anwani yake kwenye Facebook na Instagram ya duka, kisha jisajili Google Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye websaiti. Bandika anwani ya ukurasa kwenye sehemu ya `URL Inspection`, halafu bofya `Request Indexing`.
- Fundi alifunga mlango wakati anajenga, akasahau kuufungua. Kwenye WordPress ingia `Settings`, kisha `Reading`, uangalie kisanduku cha `Discourage search engines from indexing this site`. Kikiwa na tiki, kiondolee tiki na uhifadhi. Kisanduku hiki kinaweza kuficha duka mwaka mzima bila mtu kujua, kwa sababu mwenye duka akiandika anwani moja kwa moja websaiti inafunguka vizuri tu.

Wapo waliokuwa na ule ukurasa wa bure uliokuwa ukitengenezwa kupitia wasifu wa biashara wa Google, wenye anwani inayoishia na `business.site`. Huo usiutafute. Google ilizifunga kurasa hizo mwezi Machi 2024. Kama bado umeuandika kwenye kadi zako au Instagram, uondoe.

## Maneno: andika kama mteja anavyoandika

Hapa ndipo maduka mengi yanapoanguka. Ukurasa wa mbele wa duka letu unasema: "Sisi ni wasambazaji wakuu wa mashine bora za ushonaji zenye viwango vya kimataifa." Fundi wa Mbagala anayetaka mashine haandiki hata neno moja la sentensi hiyo. Anaandika "bei ya cherehani Butterfly". Google inatafuta ukurasa unaojibu maneno hayo, na ukurasa wenye neno cherehani, jina Butterfly na bei iliyoandikwa una nafasi kubwa kuliko ule wenye sifa tupu.

Maneno ya wateja hayabuniwi, yanakusanywa. Anza na vyanzo hivi:

1. WhatsApp ya duka. Pitia jumbe za wateja wapya za miezi michache iliyopita na unakili swali la kwanza la kila mmoja jinsi alivyoliandika, makosa ya tahajia yakiwemo.
2. Kisanduku cha Google chenyewe. Andika "cherehani" halafu acha nafasi, usome mapendekezo yanayoshuka chini. Rudia kwa "bei ya cherehani", "fundi cherehani", "spea za cherehani". Shuka pia hadi mwisho wa matokeo, mara nyingi kuna orodha ya utafutaji unaofanana.
3. Anayekaa kaunta. Anajua watu wanavyokiita kitu kuliko aliyeandika katalogi.

Ukimaliza utakuwa na orodha ndefu. Usiipeleke yote kwenye ukurasa mmoja. Igawe kwa kujiuliza anayeandika hivi anataka nini. Kwa duka letu yanatoka mafungu kama haya:

- Anataka kununua: "bei ya cherehani Butterfly", "cherehani Singer bei Tanzania", "cherehani ya umeme", "cherehani ya kudarizi".
- Anataka spea: "spea za cherehani", "sindano za Juki", "mota ya cherehani".
- Anataka fundi: "fundi cherehani Kariakoo", "matengenezo ya cherehani Dar".
- Anataka kujifunza: "jinsi ya kutia uzi kwenye cherehani", "cherehani inakata uzi".

Mafungu matatu ya kwanza ni watu walioshika hela mkononi, kwa hiyo yashughulikie mwanzo. La nne lina faida kama una fundi anayeweza kueleza vizuri, lakini mtu wa Bukoba anayejifunza kutia uzi huenda asinunue kwako kamwe. Liache hadi mengine yakamilike.

Sasa kila fungu lipate ukurasa wake. Huo ndio ushauri mmoja ambao ukiufuata peke yake utaona tofauti. Ukurasa wa Products unaobeba mashine, spea na matengenezo kwa pamoja haujibu swali la mtu yeyote kikamilifu. Duka letu litakuwa na ukurasa wa bei za vyerehani vya nyumbani, wa mashine za kiwandani, wa spea na wa matengenezo. Ule wa zamani usiufute, ugeuze uwe orodha fupi yenye viungo vya kwenda kwenye kurasa mpya, ili aliyehifadhi anwani ya zamani asikute ukuta.

### Ukurasa wa spea uandikweje?

Tuuangalie huu mmoja kwa karibu, kwa sababu spea ndizo zinazomrudisha fundi dukani kila mara. Usiandike "tuna spea za aina zote". Mwenye Juki ya kiwandani anahitaji sindano ya DB×1 na mwenye cherehani cha nyumbani anahitaji HA×1, na akinunua isiyo yake haitamfaa. Kwa hiyo andika: sindano za DB×1 kwa mashine za kiwandani, namba 11, 14, 16 na 18, sindano za HA×1 kwa Butterfly na Singer za nyumbani, bobini, mikanda, mota, miguu ya chuma. Kila kimoja na bei yake, picha yake, na mstari mmoja wa kusema kinaingia mashine gani. Ukiandika hivyo, maneno ya utafutaji yanaingia yenyewe bila kulazimishwa, na mteja aliyeko Songea anaweza kuagiza bila kupiga simu mara tatu.

Bei ziandikwe kwa maandishi ya kawaida, zisibaki ndani ya bango. Google inaweza kuitambua picha kwa kiasi, lakini usiitegemee isome bei iliyoandikwa kwa herufi za mapambo juu ya picha. Kuna kipimo rahisi: shika maandishi kwa kidole kwenye simu. Kama huwezi kuyanakili, hesabu kwamba hayapo.

### Mashaka ninayoyasikia hapa

"Nikiweka bei, washindani wataiona." Washindani wako wanaijua tayari, wanatuma mtu kuuliza. Asiyeijua ni mteja, naye akiikosa kwako anaenda kwenye ukurasa ulioiweka. Kama bei inabadilika na dola, andika "kuanzia" na tarehe uliyoihakiki mara ya mwisho.

"Niandike cherehani, cherahani au charahani?" Tumia tahajia sanifu kwenye vichwa na maelezo. Kisha jaribu kuandika kila tahajia Google. Matokeo yakifanana, Google imeshaelewa ni kitu kimoja, hivyo huna kazi ya ziada. Yakitofautiana sana, itaje tahajia ya pili mahali pamoja ndani ya sentensi ya kawaida. Usiandike orodha ya tahajia chini ya ukurasa. Na usithubutu kuyaficha maneno kwa kuyapaka rangi nyeupe juu ya nyeupe, huo ni udanganyifu ambao Google inauadhibu waziwazi.

"Wateja wangu wengine wanatafuta kwa Kiingereza." Ni kweli, na wengi wao ni Watanzania. Watengenezee ukurasa wao kamili wa Kiingereza. Ukurasa wenye nusu sentensi huku na nusu kule hausomeki vizuri kwa yeyote.

## Kichwa cha ukurasa

Kila ukurasa una kichwa ambacho hakionekani ndani ya ukurasa wenyewe. Kinaonekana juu kwenye kivinjari, na kwa kawaida ndicho Google inachokiandika kwa herufi kubwa kwenye matokeo, kile ambacho mtu anakibofya. Duka letu lina kichwa hiki kwenye ukurasa wa mbele:

```html
<title>Home</title>
```

Hilo ni neno ambalo hakuna mnunuzi wa cherehani anayeliandika. Linganisha na hivi vya kurasa mpya:

```html
<title>Bei ya cherehani Butterfly na Singer, Kariakoo</title>
<title>Spea za cherehani: sindano, bobini, mota | Kariakoo</title>
<title>Fundi cherehani Kariakoo: matengenezo na bei</title>
```

Kitu kinachotafutwa kimeanza, mahali pamefuata. Jina la duka unaweza kuliongeza mwishoni baada ya mstari wa wima. Wengi wanaanza na jina la duka, lakini asiyekujua hajui jina lako, na kwenye simu kichwa kirefu kinakatwa mwishoni. Google haijatangaza idadi maalumu ya herufi, inakata kulingana na upana wa kioo, kwa hiyo hakikisha maneno muhimu yanaisha ndani ya herufi 50 hivi.

Huhitaji kugusa msimbo. Kwenye WordPress, programu-jalizi kama Yoast SEO au Rank Math zina sehemu ya kuandika kichwa hiki chini ya kila ukurasa. Kwenye Wix kipo kwenye mipangilio ya SEO ya ukurasa. Kama websaiti imejengwa kwa namna nyingine, mwandikie fundi wako vichwa vyote kwenye ujumbe mmoja, kila kimoja na anwani ya ukurasa wake. Kuvibadilisha si kazi ya kutwa nzima.

Makosa yanayojirudia:

- Kichwa kimoja kwenye kurasa zote. Google haijui ipi ni ipi.
- Kurundika: "Cherehani, bei ya cherehani, cherehani bora, cherehani Dar". Kichwa kama hicho mara nyingi Google inakiacha na kuandika cha kwake.
- Kichwa kinaahidi bei, ndani hakuna bei. Mteja anarudi nyuma papo hapo.
- Kichwa cha nje na kile kikubwa kinachosomeka ndani ya ukurasa vinazungumzia vitu tofauti.

Ukitaka kujua kama Google imekubali kichwa chako, subiri siku kadhaa kisha rudia ile amri ya `site:` usome kilichoandikwa. Kikiwa tofauti na ulichoweka, pitia makosa hayo moja moja.

Chini ya kichwa huwa kuna maelezo mafupi ya mistari miwili. Unaweza kuyaandika mwenyewe mahali hapohapo unapoandika kichwa. Hayakupandishi nafasi, na Google inaweza kuchukua sentensi nyingine ndani ya ukurasa badala yake, lakini yakitokea yanamshawishi mtu abofye. Taja bei ya kuanzia na kwamba mnatuma mikoani, kama kweli mnatuma. Lile sanduku jingine ambalo baadhi ya mafundi wanalitoza pesa, la `meta keywords`, Google ilieleza tangu 2009 kwamba hailitumii kupanga matokeo. Usililipie.

## Duka lako kwenye ramani

Mtu akiandika "duka la cherehani Kariakoo", mara nyingi juu kabisa inatokea ramani na maduka machache, kila moja na nyota, saa za kazi na kitufe cha kupiga simu. Orodha hiyo haitoki kwenye websaiti moja kwa moja. Inatoka kwenye Google Business Profile, wasifu wa bure wa biashara, na kwa duka la mtaani naweza kusema huu unaweza kukuletea simu mapema kuliko websaiti yenyewe.

Utaratibu ni huu:

1. Tafuta kwanza jina la duka lako kwenye Google Maps. Huenda mteja au mfanyakazi wa zamani alishaliweka. Likiwepo, bofya sehemu ya kudai umiliki badala ya kuanzisha jipya, maana wasifu mbili za duka moja zinagawana maoni na kuwachanganya wateja.
2. Tumia akaunti ya barua pepe ya mwenye duka. Fundi mpe nafasi ya meneja tu. Wasifu ukiwa kwenye akaunti ya fundi, siku mkikosana kuupata tena ni safari ndefu.
3. Andika jina kama lilivyo kwenye bango la mlangoni. Usiongeze "Cherehani Bei Nafuu Kariakoo" kama hayo si jina. Kanuni za Google zinakataza, na wasifu unaweza kusimamishwa.
4. Chagua aina ya biashara. Ya kwanza ndiyo yenye uzito, hivyo iwe duka la vyerehani, siyo "duka" peke yake. Huduma ya matengenezo iongeze kama aina ya pili.
5. Weka alama ya mahali kwa kukuza ramani mpaka uone paa la jengo. Kariakoo maduka yamepandana, kwa hiyo andika mtaa, jina la jengo, ghorofa na namba ya chumba. Namba ya nyumba iliyotolewa kwenye zoezi la anwani za makazi la 2022 itumie hapa.
6. Weka saa za kazi za kweli, pamoja na Jumapili na sikukuu. Mteja aliyepanda daladala kutoka Gongo la Mboto akakuta umefunga wakati Google inasema umefungua ataandika hivyo kwenye maoni.
7. Thibitisha.

Kwenye uthibitisho ndipo wengi wanakwama. Google inaweza kukutaka urekodi video kwa simu, kwa mkupuo mmoja bila kukata. Panga njia kabla ya kuanza: anza nje ukionyesha mtaa na maduka jirani, sogea hadi bango lenye jina lilelile uliloandika, fungua mlango au kabati kwa ufunguo wako, onyesha bidhaa, malizia nyuma ya kaunta au kwenye leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani. Epuka sura za wateja na namba za akaunti za benki. Video hukataliwa kwa sababu kama bango kutosomeka, jina kutofautiana, au kukosekana kitu kinachoonyesha kwamba wewe ndiye mwenye duka. Ikikataliwa, rekebisha kasoro hiyo kwanza ndipo urekodi tena.

### Nani anatangulia kwenye ramani?

Google yenyewe inaeleza mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Aliyeko Tegeta akiandika "fundi cherehani karibu nami" ataonyeshwa wa Tegeta kwanza, na hiyo ni haki yake. Usifungue wasifu wa tawi ambalo halipo.

Kujulikana kunajengwa, na maoni ya wateja ni sehemu yake. Omba maoni siku mteja anapochukua mashine iliyotengenezwa ikafanya kazi mbele yake. Mtumie kiungo cha maoni kwa WhatsApp, kinapatikana ndani ya wasifu wako. Usimpe punguzo wala soda ili aandike, kanuni zinakataza kutoa kitu kwa ajili ya maoni. Usiwaagize ndugu na jamaa waandike nyota tano siku moja. Maoni ya namna hiyo yanaweza kuondolewa, ya kweli yakiwemo. Akitokea aliyelalamika, mjibu kwa jambo lenyewe: mashine gani, lini, utafanya nini. Anayesoma jibu hilo zaidi ni mteja ajaye.

Namba ya simu iwe ileile kwenye wasifu, websaiti, Facebook na Instagram, ikiandikwa kwa maandishi na kuanza na +255 ili aliye Comoro au Lubumbashi aipige bila kubahatisha. Ukimaliza Google, weka taarifa hizohizo kwenye Bing Places na kwenye ramani za Apple. Zote ni bure.

## Utajuaje kama kuna mabadiliko

Usipime kwa kujitafuta kwenye simu yako ukiwa dukani. Google inajua uko wapi na inakuonyesha yaliyo karibu, hivyo utajiona wa kwanza huku mtu wa Ubungo hakuoni. Fungua Search Console, sehemu ya `Performance`. Pale utaona maneno ambayo watu waliandika, mara ngapi ulionekana, mara ngapi walibofya, na nafasi yako ya wastani.

Ipe wiki kadhaa, kisha angalia mambo mawili. Kwanza, maneno yanayokuonyesha mara nyingi lakini hakuna anayebofya: kama nafasi yako ni ya juu, rekebisha kichwa na yale maelezo mafupi. Pili, ukurasa usiostahili kutokea. Ikiwa kwa "spea za cherehani" unatokea ukurasa wa mbele badala ya ule wa spea, weka kiungo kwenye ukurasa wa mbele chenye maneno hayohayo, "spea za cherehani", kiende kwenye ukurasa wake. Kiungo kinachosema "bofya hapa" hakiiambii Google chochote.

Anayekuja kukuahidi nafasi ya kwanza kwa malipo ya mwezi, mwombe akuonyeshe atabadilisha nini kwenye kurasa zako. Google imeandika wazi kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi hiyo.

Siku duka likihama, mathalani kutoka Kariakoo kwenda Buguruni, usianzishe wasifu mpya. Ingia kwenye wasifu uleule, badilisha anwani na alama ya ramani, uwe tayari kurekodi video tena, na maoni uliyoyakusanya kwa kawaida yatahama pamoja nawe. Halafu pitia vichwa vyote vya kurasa, maana bado vinasema Kariakoo.